Methali kwenye ujumbe wa kazini: ipi ibaki, ipi iandikwe kwa maneno ya wazi

Jumatatu asubuhi, msimamizi wa bohari ya vifaa vya ujenzi anaandika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi: "Jamani, bandu bandu huisha gogo. Siku za mwizi ni arobaini. Wahusika wajirekebishe kabla unga haujamwagika." Wawili wanajibu "Sawa bosi", mmoja anaweka alama ya mikono iliyokunjwa, waliobaki wanasoma na kunyamaza. Nimekitunga kisa hiki kwa ajili ya makala haya, lakini aliyefanya kazi katika ofisi inayoandikiana kwa Kiswahili atakuwa amepokea ujumbe wa namna hii, au ameutuma.

Tuseme msimamizi huyo anajua jambo moja tu. Hesabu ya Jumamosi ilikuta mifuko ya saruji ni pungufu kwa 14 kuliko leja inavyosema. Hilo ndilo analolijua, na hilo ndilo ambalo ujumbe wake haukulitaja. Mtunza stoo anajiona ametajwa. Wapakiaji wanaulizana nani kawasemea. Dereva aliyekopa mafuta wiki iliyopita anadhani habari yake imefika kwa bosi. Kila mmoja ameitwa mwizi, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa mifuko iko wapi. Na huenda hakuna mwizi: inawezekana gari liliondoka Ijumaa jioni na mifuko 14, hati ya kutolea mizigo ikabaki mfukoni mwa karani bila kuingizwa kwenye leja.

Methali zetu nyingi zimeundwa ili msikilizaji ajitafutie mwenyewe anayesemwa. Barazani hiyo ni hekima kubwa. Mzee anaweza kumkanya kijana mbele ya watu bila kumvunjia heshima, kwa sababu hakumtaja. Mwambao mwanamke humjibu jirani yake kwa jina la kanga aliyoivaa, na jirani akiudhika, mvaaji hakusema neno. Ndiyo maana tumezoea hata kuikata methali katikati, tukaandika "Asiyesikia la mkuu..." na nukta tatu, tukijua mwenzetu ataimalizia. Lakini barua ya kazi inataka kinyume chake. Inataka ijulikane nani anaambiwa, amefanya au hakufanya nini, lini, na anatakiwa kufanya nini sasa. Fumbo linaficha mambo hayo manne kwa makusudi.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia, na ninachowashauri wenzangu, ni cha kufuta. Ukishaandika ujumbe, ifute methali kisha usome kilichobaki. Kama mpokeaji bado anajua kilichotokea na anachotakiwa kufanya, methali ilikuwa kama chumvi mezani, na unaweza kuirudisha ukipenda. Kama baada ya kuifuta hakuna kinachoeleweka, basi methali ndiyo iliyobeba tuhuma, amri au ahadi yenyewe, na mzigo huo lazima uandikwe kwa maneno ya kawaida. Ukifuta methali na nahau kwenye ujumbe wa bohari, kinabaki "Jamani, wahusika wajirekebishe." Wahusika gani? Wajirekebishe nini?

Sasa tuuandike upya. Kwenye kundi, sentensi chache zinatosha: "Habari za asubuhi. Hesabu ya Jumamosi imeonyesha upungufu wa mifuko 14 ya saruji katika bohari namba 2. Yeyote mwenye hati ya kutolea mizigo ya wiki iliyopita ambayo haijaingizwa kwenye leja, aniletee leo kabla ya saa 8 mchana." Hapo hakuna aliyetukanwa, na karani mwenye hati mfukoni ana njia ya kuitoa bila aibu. Ikifika saa 8 na hati haikuonekana, ndipo barua inaandikwa, kwa mtu mmoja, si kwa kundi:

"Yah: KUTAKIWA KUTOA MAELEZO KUHUSU UPUNGUFU WA MIFUKO 14 YA SARUJI. Hesabu ya mali iliyofanyika Jumamosi tarehe 8 Machi 2025 ilikuta mifuko 346 ya saruji katika bohari namba 2. Leja ya siku hiyo inaonyesha mifuko 360. Wewe ndiye uliyekuwa na dhamana ya bohari hiyo kuanzia Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Unatakiwa kutoa maelezo ya maandishi kuhusu tofauti hiyo kabla ya saa 10 jioni, Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, ukiambatisha hati zote za kutolea mizigo za wiki hiyo."

Angalia kwamba neno "wizi" halimo. Mwandishi ameandika alichokikuta, yaani tofauti ya hesabu, na ameacha nafasi kwa maelezo. Methali ya siku arobaini ilikuwa imeshatoa hukumu kabla ya mtu kusikilizwa. Hasara yake hiyo haionekani haraka, kwa kuwa tumeizoea methali mpaka hatusikii tena kwamba imesema "mwizi".

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria. Kanuni za utendaji bora katika ajira, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri amjulishe mfanyakazi tuhuma zake kwa namna na lugha ambayo anaweza kuielewa, na kabla ya kikao cha nidhamu apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Mtu hawezi kujiandaa kujibu "bandu bandu huisha gogo". Ataleta ushahidi gani, wa siku ipi? Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mfanyakazi atasema hakuwahi kuelezwa kosa lake, na kwa barua ya namna ile atakuwa amesema kweli. Ujumbe wa simu nao hauko nje ya hesabu hiyo: kwa mujibu wa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kumbukumbu za kielektroniki zinaweza kupokelewa kama ushahidi. Mafumbo ya kundini yanaweza kuchapishwa na kuwekwa mezani siku ambayo mwandishi hakuitazamia.

Turudi kwenye "unga haujamwagika". Tanzania, kumwaga unga ni kupoteza kazi. Kenya mtu wa namna hiyo huambiwa amepigwa kalamu. Ofisi yenye watu wa Arusha na Nairobi kwa hiyo tayari ina shida ndogo ya kuelewana, lakini shida kubwa zaidi ni kwamba nahau zote mbili zinachanganya mambo ambayo sheria inayatenganisha. Kusimamishwa kazi ni kuondolewa kazini kwa muda uchunguzi ukiendelea, na ajira bado ipo. Kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu ni jambo jingine. Kupunguzwa kazini kwa sababu za kiuchumi ni jingine tena, na lina taratibu zake za mashauriano na malipo. Mkataba wa muda maalumu kufikia mwisho wake si adhabu hata kidogo. Ukiandika kwenye taarifa ya mwezi kwamba "watumishi watatu wamemwaga unga", mhasibu hajui alipe nini, na mhusika anaweza kudhaniwa amefukuzwa kwa wizi kumbe mkataba wake uliisha Desemba. Taja kilichotokea kwa jina lake na tarehe yake. Kwa aliyeachishwa kazi tarehe hiyo si urembo, kwani mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa kwenye Tume ndani ya siku 30.

Kuna methali ambazo kosa lake ni la hatari zaidi, nazo ni zile zinazonusa rushwa. Ofisa ununuzi anamwandikia mzabuni anayeulizia malipo yake: "Ndugu, mkono mtupu haulambwi, kamilisha upande wako." Huenda alimaanisha kwamba ankara imekuja bila hati ya kupokelea mizigo, na bila hati hiyo malipo hayatoki. Mzabuni anasoma kwamba anaombwa chochote. Akiupeleka ujumbe huo TAKUKURU, mwandishi wake atahangaika kueleza mkono aliousema ni upi. "Penye udhia penyeza rupia" ni hivyo hivyo, hata ikiandikwa kwa mzaha baina ya watu waliozoeana. Katika mambo ya zabuni, malipo, leseni na ajira, usiandike methali yoyote yenye mkono, kula, kulamba au rupia. Wala usitumie "chai", "asante" au "kitu kidogo" kwa maana yoyote, ikiwemo ya chai yenyewe, kama anayeandikiwa ana jambo lake mezani kwako. Andika: "Ankara yako ya tarehe 4 haikuambatishwa hati ya kupokelea mizigo. Tafadhali iwasilishe ofisini ili malipo yaendelee."

Lakini asitokee mtu akasema basi nahau zote zitolewe kwenye maandishi rasmi. Haiwezekani. Tunatia saini, tunapiga mhuri, tunapiga kura, tunaunga mkono hoja, tunakata rufaa, Rais anavunja bunge na waziri anavunja bodi. Zote hizi ni nahau kwa asili, na leo ndizo istilahi zenyewe. Anayeogopa nahau akaandika "alionyesha kukubaliana na wazo lililotolewa" badala ya "aliunga mkono hoja" amefanya muhtasari wa kikao kuwa mgumu bila faida, tena amepoteza maana: kuunga mkono hoja ni hatua katika taratibu za kikao, si kukubaliana tu moyoni.

Mfano ulio bora zaidi ni kifuta jasho na kifuta machozi. Mtaani, kifuta jasho ni chochote anachopewa mtu baada ya kutaabika, na kiasi chake ni hiari ya mtoaji. Katika taratibu za uhifadhi wa wanyamapori Tanzania maneno hayo mawili yana maana maalumu: kifuta jasho hulipwa mkulima ambaye mazao yake yameharibiwa na wanyama wakali au waharibifu, na kifuta machozi huhusu mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na wanyama hao. Serikali imekuwa ikisisitiza kwamba malipo haya si fidia, kwa kuwa hayakusudiwi kulingana na thamani ya kilichopotea. Ofisa wa halmashauri anayedhani "kifuta machozi" ni lugha ya mtaani na kuibadilisha iwe "fidia", ili barua yake ionekane rasmi, ameahidi kitu ambacho kanuni hazikukiahidi. Hapa nahau ndiyo neno sahihi, na neno linaloonekana rasmi zaidi ndilo kosa. Kinyume chake, ukimlipa kibarua wako kwa kazi ya Jumapili na kuandika kwenye hati ya malipo "kifuta jasho", umekosea vilevile. Hayo ni malipo ya kazi ya siku ya mapumziko, na yana kiwango chake.

Njia ya kutambua nahau iliyokwisha kuwa istilahi ni kutazama kama imeandikwa ndani ya sheria, kanuni, mkataba au fomu inayohusu jambo lako. Ikiwa imo, itumie kama ilivyo na usiipambe. Ikiwa haimo, mwulize mtu wa idara nyingine aliyetoka mkoa mwingine anaielewaje. Majibu yenu yakitofautiana hata kidogo, iache.

Tarehe na muda ndipo tunapojidanganya zaidi. Idara ya mauzo inaandika: "Naomba kujua mkataba utapitiwa lini." Mwanasheria wa kampuni anajibu: "Haraka haraka haina baraka." Mauzo wanarudisha: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Kila upande una methali ya kale na ya kweli, na mkataba haujasogea. Kwa karibu kila methali ya subira ipo ya kuhimiza, kwa hiyo methali haiwezi kumaliza ubishi wa muda. Inachoonyesha ni upande ambao mwandishi amesimama. Jibu lililotakiwa lilikuwa: "Nimeupokea jana. Vifungu vya malipo vinahitaji maoni ya mhasibu. Nitaurudisha Jumatano." Kama hujui siku, andika unachokisubiri na kwa nani, mwenzako afuatilie huko.

Kwa anayeandika kwenda juu kuna uangalifu wa namna yake. Methali zetu nyingi husemwa na mkubwa kwa mdogo, na mdogo akizipandisha zinabadilika sura. Mtumishi anayeomba mshahara wake utazamwe upya akaandika "mwenye shibe hamjui mwenye njaa" amemshutumu mkurugenzi kabla hajamwomba. Aandike majukumu yaliyoongezeka tangu aajiriwe, kiwango anachopata na kiwango anachokiomba. Naye mkubwa asidhani methali ni halali yake muda wote. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" katika barua ya onyo imemwingiza mama wa mtu kwenye mambo ya kazi. "Mkataa pema pabaya panamwita", kwa aliyeandika barua ya kuacha kazi, inasomeka kama laana, na mtu huyo huenda akawa mteja wako mwakani. Zile zenye kutaja chongo, kilema au kafiri zisiandikwe kazini kabisa, kwa sababu mwenye kuguswa atakuwa mmoja wa wanaosoma.

Baada ya makatazo yote hayo, kuna mahali ambapo kuiondoa methali ni kuuondolea ujumbe uhai, nami ningesikitika kuona waandishi wa ofisini wakiziogopa. Kampuni imekosa zabuni iliyoandaliwa kwa mwezi mzima. Mkurugenzi akiwaandikia watu wake "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi", akataja sababu ya kukosa na zabuni inayofuata, amewainua kwa maneno ambayo hakuna sentensi ya kiofisi inayoweza kuyafikia. Mfanyakazi mpya akipokelewa kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone" anajua amekaribishwa. Akipokelewa kwa "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" anajua anahesabiwa siku. Kwenye hafla ya kuwatunza wafanyakazi bora, "mcheza kwao hutunzwa" inakaa mahali pake. Na ukutani kwa mtunza stoo, "mali bila daftari hupotea bila habari" ni tangazo zuri kuliko ukurasa mzima wa maelekezo, kwa kuwa halimtuhumu mtu na linakumbukwa. Maneno hayo hayo yakitumiwa na mkaguzi ndani ya hoja ya ukaguzi hayafai. Yeye anatakiwa kuandika kwamba stakabadhi namba 0451 hadi 0460 hazikuonekana.

Msiba nao una maandishi ya aina mbili, na watu huyachanganya. Tangazo la tanzia linaweza kusema mwenzetu ametutoka, ametangulia mbele ya haki, na familia itaona imeheshimiwa. Barua ya siku hiyo hiyo kwenda mfuko wa hifadhi ya jamii kuhusu mafao ya wategemezi iseme "alifariki dunia tarehe fulani, mahali fulani". Neno "ametutoka" kwenye jalada la mirathi linaweza kusomwa kwamba aliacha kazi.

Limebaki jambo la kuandika maneno ya wengine. Katibu wa kikao hana wajibu wa kunukuu methali zilizosemwa na wajumbe. Anaandika hoja na azimio. Mjumbe akisema "mchelea mwana kulia hulia yeye", katibu anaandika kwamba alipendekeza wadaiwa waandikiwe barua za madai ndani ya siku saba, kama hilo ndilo alilopendekeza, na kama hakueleweka anamwuliza palepale kikao hakijafungwa. Kikao cha nidhamu ni tofauti. Shahidi akisema "nilimsikia akisema mkono mtupu haulambwi", maneno hayo yaandikwe kama yalivyotamkwa, ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu maneno yenyewe ndiyo ushahidi. Kisha shahidi aulizwe aliyaelewaje, mtuhumiwa aulizwe alimaanisha nini, na majibu yote mawili yaandikwe chini yake. Katibu akijifanya mfasiri, akaandika tu "aliomba rushwa", ameshatoa hukumu iliyokuwa kazi ya kikao.

Na kama methali imeshakwenda, usiifute kwenye kundi ukadhani yameisha, kwa kuwa waliosoma wamesoma na huenda wameshaipiga picha. Tuma ujumbe wa pili siku hiyo hiyo: "Kuhusu ujumbe wangu wa asubuhi: sikumtuhumu mtu yeyote. Jambo lililopo ni upungufu wa mifuko 14 ya saruji uliobainika kwenye hesabu ya Jumamosi. Natafuta hati za kutolea mizigo za wiki iliyopita ambazo hazijaingizwa kwenye leja. Mwenye nayo aniletee au anipigie kabla ya saa 8." Kisha mpigie mtunza stoo mwenyewe, kwa sauti, kabla hajaanza kuandika barua ya kujitetea.